‘Mbona kinauma siku za Hesabu tu?’ Barua ya mama kwa mwalimu

BARUA ya kwanza ilikuwa na mistari mitatu. Mama aliiandika usiku kwenye karatasi iliyochanwa katikati ya daftari, akaikunja na kumkabidhi binti yake wa Darasa la Tano: “Mwalimu, mwanangu anasumbuliwa sana na kichwa mara kwa mara. Naomba umvumilie. Asante.”

Jibu lilirudi siku hiyohiyo, kwa kalamu nyekundu, chini ya sahihi yake: “Mzazi, mbona kinauma siku za Hesabu tu?”

Mama huyo, mkazi wa Dar es Salaam anayeuza vitambaa sokoni, aliisoma sentensi ile mara kadhaa. Kilichomuumiza hakikuwa ukali wake. Kilichomuumiza ni kwamba na yeye, moyoni, alishawahi kujiuliza swali hilohilo.

Binti ana miaka 11. Maumivu yalianza alipokuwa Darasa la Tatu, mara moja moja, kisha yakazoea. Yanampata katikati ya paji la uso, yanagonga kama mtu anayetwanga, na huambatana na kichefuchefu. Akitapika na kulala chumba chenye giza, baada ya saa mbili tatu huamka mzima, anaomba chakula, anatoka kwenda kucheza rede. Ni uzima huo wa ghafla uliokuwa unamponza. Nyumbani walisema anadeka, na shuleni walisema anakwepa.

Siku moja ya Alhamisi aliomba ruhusa ya kutoka katikati ya jaribio la Hesabu. Akaambiwa akae. Akaomba tena, akasimamishwa mbele ya darasa ili wenzake “waone mgonjwa anavyofanana”. Akatapika palepale, kwenye sakafu, mbele ya wanafunzi zaidi ya 80. Kuanzia siku hiyo hakuomba ruhusa tena. Alikuwa anaweka kichwa juu ya dawati na kunyamaza, na karatasi yake ya jaribio inarudi tupu kuanzia swali la nne.

Kwa miezi mingi jibu la familia lilikuwa malaria. Mara tatu binti alinunuliwa dawa mseto dukani bila kupimwa, na kwa kuwa kichwa hupoa chenyewe ndani ya saa chache, kila mara ilionekana dawa imefanya kazi. Safari ya nne mama alimpeleka kituo cha afya, wakampima kwa kipimo cha haraka, hakuna malaria. Hakuwa hata na homa. Hapo wakaelekezwa hospitali.

Daktari hakuanza na mashine. Alianza na maswali. Kinauma wapi? Kinagonga au kinabana? Akiumwa anapenda kucheza au kulala? Anakimbia mwanga? Makelele yanamkera? Nani mwingine kwenye ukoo anaumwa hivyo? Swali la mwisho lilimfanya mama acheke kidogo, maana bibi yake mtoto, mama mzaa mama, alijulikana mtaa mzima kwa kujifunga khanga kichwani kwa nguvu na kujifungia ndani, na mama mwenyewe huwa na siku mbili tatu kila mwezi anazoziita “siku za kichwa changu”. Hakuwahi kudhani hayo ni mambo ya kurithishana.

Kisha daktari alimpima binti presha, akamwangalia ndani ya macho kwa tochi, akamtembeza kwenye mstari ulionyooka, akampeleka kitengo cha macho asome herufi. Macho yalikuwa mazima. Mtoto mwenye tatizo la kuona anaweza kuumwa kichwa baada ya kusoma kwa muda mrefu, lakini kwa kawaida hatapiki wala kukimbia mwanga. Picha iliyobaki ilikuwa moja: kipandauso.

Wengi wanakijua kipandauso kama maumivu ya upande mmoja wa kichwa, na kwa watu wazima mara nyingi ndivyo kilivyo. Kwa watoto kinaweza kuuma pande zote mbili au katikati ya paji, na kinapita haraka zaidi, pengine kwa saa mbili tu. Ndiyo maana kwao hakitambuliki. Mtoto aliyeonekana anakufa saa nne asubuhi, saa nane mchana anakimbia.

Daktari aliwapa dawa kidogo na kazi kubwa ya kuandika. Kila kichwa kinapouma, mama aandike siku na saa kilipoanza, binti alilala saa ngapi jana yake, alikula nini na saa ngapi, na alikunywa maji kiasi gani. Waendelee hivyo kwa wiki sita.

Daftari lile ndilo lililolijibu swali la mwalimu.

Ndani ya wiki sita kichwa kiliuma mara tisa. Mara saba ilikuwa Jumanne au Alhamisi, siku za jaribio la Hesabu, na karibu zote kilianza kati ya saa 3:45 na saa 4:30 asubuhi. Mwalimu hakuwa amekosea kuhesabu. Mara moja ilikuwa Jumapili, baada ya kukesha kwenye harusi. Mara moja ilikuwa Jumatatu, na hiyo hawakuipatia maelezo mpaka leo.

Lakini ukisoma safu nyingine za daftari, Hesabu inaanza kutoka kwenye lawama. Siku za kawaida binti anaamka saa 11:30 alfajiri, anakunywa chai na vitumbua viwili, anaondoka. Jumanne na Alhamisi kuna masomo ya ziada kabla ya mstarini. Anaamka saa 10:30, chai haijaiva, anaondoka na mia tano mfukoni ambayo hainunui kitu kwa sababu njiani hakuna aliyeamka. Siku hizohizo, kwa kuwa jaribio ni refu, mapumziko ya uji yanasogezwa kutoka saa 4:00 hadi saa 4:40. Chakula chake cha mwisho kilikuwa wali wa jana saa mbili usiku. Kwa hiyo mpaka anapopata uji, ameshinda na njaa karibu saa kumi na tano, amelala saa moja pungufu, na hajagusa maji.

Kuhusu maji alieleza mwenyewe, kwa aibu. Hanywi kwa sababu akinywa atahitaji kwenda chooni, na kwenda chooni ni kuomba ruhusa, na tangu siku ile ya kutapika haombi tena ruhusa ya kitu chochote.

Daktari alipoliona daftari aliweka mambo sawa. Njaa, usingizi mchache na kiu si chanzo cha kipandauso. Chanzo ni aina ya ubongo aliozaliwa nao, ambao haupendi ratiba yake kuvurugwa. Mwenzake anayekaa naye dawati moja anaweza kushinda na njaa vilevile na asiumwe. Lakini kwa mwenye ubongo huo, mambo hayo matatu yakikutana asubuhi moja yanausukuma mpaka unakubali. Hofu nayo ilisaidia kusukuma, ingawa Hesabu kama somo haikuwa na kosa.

Mama alitoka pale na hamu ya kumweleza mwalimu kila kitu. Akaandika barua ya kurasa mbili. Ilieleza mishipa ya fahamu, ikamtaja bibi na khanga yake, ikalalamikia siku ile ya kusimamishwa mbele ya darasa, ikamalizia kwa kuomba binti asamehewe majaribio. Kabla ya kuipeleka alimsomea jirani yake, mwalimu mstaafu ambaye mtaani wote wanamwita Mwalimu.

“Mwanangu,” Mwalimu alimwambia, “huyo bwana ana watoto zaidi ya 80 na chaki mkononi. Barua yako ataisoma amesimama mlangoni. Akifika ukurasa wa pili kengele imelia. Usimfundishe ugonjwa. Mwambie mtoto akianza, yeye afanye nini, ndani ya dakika ngapi. Na usiombe asamehewe kazi. Ukiomba hivyo, umemthibitishia alichokuwa anakifikiri.”

Wakakaa wote wawili, wakafuta. Malalamiko ya siku ile wakakubaliana yapelekwe kwa mdomo, kwa staha, siku nyingine. Kilichobaki kilienea upande mmoja wa karatasi:

“Mwalimu wa Darasa la Tano B, salaam.

Mwanangu ana kipandauso. Amepimwa hospitali, na nakala ya cheti ipo nyuma ya barua hii. Hakiambukizi wala hakimpunguzii akili. Uliniuliza kwa nini kinauma siku za Hesabu. Nimeweka kumbukumbu wiki sita na nimeona ulikuwa sahihi: Jumanne na Alhamisi anaamka mapema zaidi, anakuja bila kula, na uji unachelewa. Upande wa nyumbani nimeanza kumpa kiporo au ndizi na chupa ya maji kila siku hizo.

Kikianza utamwona anapauka, ananyamaza, anajikinga macho. Amepewa kadi ndogo ya njano. Akiiweka juu ya dawati, hana haja ya kusema. Naomba basi:

1. Anywe maji mara moja, na apewe kidonge kimoja kutoka kwa mwalimu wa afya. Kikichelewa zaidi ya nusu saa hakimsaidii.

2. Alale au akae mahali pasipo jua na makelele, dakika 30 hadi 45. Ofisini au stoo ya vitabu panatosha.

3. Akipata nafuu arudi darasani. Asirudishwe nyumbani kama anaweza kukaa.

4. Alichokosa akifanye siku hiyohiyo au kesho yake. Simwombei asamehewe kazi.

Siku za kawaida, naomba akae mbali na dirisha la mashariki, anywe maji na kwenda chooni bila kusubiri kipindi kiishe.

Nipigie simu saa hiyohiyo kama ana homa na shingo imekakamaa, ameanguka na kujigonga kichwa, anaona vitu viwili viwili, anayumba, anaongea ovyo, amepoteza fahamu au kupata degedege, au maumivu ni makali kuliko alivyozoea. Hayo si kipandauso chake, na anatakiwa hospitali bila kusubiri.

Nashukuru kwa muda wako.”

Kila mstari wa barua hiyo una sababu yake, na sababu ya ule wa kwanza ndiyo watu wengi hawaijui. Kipandauso kikishika, tumbo hupunguza kasi ya kazi yake. Dawa inayomezwa wakati huo inakaa tumboni badala ya kuingia kwenye damu, na mara nyingi inatapikwa. Zamani mama alikuwa anasubiri “kuona kama kitapoa chenyewe”, kisha baada ya saa mbili anampa nusu kidonge cha parasetamoli. Alikuwa ameikosea mara mbili: imechelewa, na ni ndogo. Daktari alimpima binti uzito, kilo 34, akapiga hesabu ya miligramu 15 kwa kila kilo, ikaja kama miligramu 510, yaani kidonge kimoja kizima cha miligramu 500. Nyumbani kinaweza kurudiwa baada ya saa sita, shuleni ni kimoja tu. Mtoto wa uzito mwingine ana kipimo kingine, na mfamasia anaweza kumkokotolea mzazi kwa dakika moja. Aspirini daktari alikataza kabisa, maana kwa watoto inaweza kuleta madhara makubwa ya ini na ubongo.

Alikataza pia mazoea. Dawa isizidi siku mbili kwa wiki. Anayemeza dawa za maumivu karibu kila siku, kichwa chake huanza kuuma kwa sababu ya dawa zenyewe. Ndiyo maana vidonge vinakaa kwa mwalimu wa afya pamoja na karatasi ya kuandika tarehe na saa, havikai kwenye begi la mtoto.

Kupumzika kumewekewa muda kwa sababu mbili. Mtoto akiwahi dawa na giza, mara nyingi nusu saa hadi dakika 45 inatosha kukikata kichwa au kukipunguza, na akirudi darasani hajapoteza siku nzima. Tena mtoto anayerudishwa nyumbani kila mara hujikuta amebaki nyuma, akibaki nyuma anaogopa jaribio, na akiogopa hapati usingizi usiku wa kuamkia jaribio. Mzunguko unaanza upya.

Ile kadi ya njano, iliyokatwa kwenye boksi la dawa ya meno na kupakwa rangi, iliwekwa kwa ajili ya kitu kimoja tu. Mtoto aliyeaibishwa kwa kuomba anahitaji njia ya kuomba bila kufungua mdomo mbele ya wenzake.

Mama aliipeleka barua mwenyewe, akasalimia, akaikabidhi kwa mikono miwili. Mwalimu aliisoma amesimama mlangoni, kama ilivyotabiriwa. Alipofika pale palipoandikwa “ulikuwa sahihi” alinyanyua macho. Alipofika kwenye namba nne akasema, “Hii nimeielewa.” Kuhusu dirisha alisema madawati yamejaa, ila atajaribu. Kuhusu muda wa uji alisema si yeye anayepanga.

Isidhaniwe kwamba mambo yalinyooka siku hiyo. Jumanne ya pili mwalimu alikuwa kwenye semina, na aliyeshika darasa hakuwahi kusikia habari za kadi ya njano. Aliichukua akidhani ni mchezo, akaitia mfukoni. Binti alitapika tena, safari hii akiwa amefanikiwa kufika nje. Barua ilikuwa imelala kwenye droo.

Mama alirekebisha kwa kutoa nakala tatu. Moja alipewa mwalimu wa afya, moja ikaenda kwa mwalimu wa taaluma, na ya tatu, iliyofupishwa hadi zile hatua nne na namba ya simu, ikabandikwa ndani ya jalada la daftari la Hesabu, mahali ambapo mwalimu yeyote atakayemkuta binti ameinamisha kichwa atapaona kwanza.

Wiki sita zilizofuata daftari la nyumbani liliandika vichwa vinne badala ya tisa. Kimoja kilikuwa cha Jumamosi, kikali, na kilimlaza siku nzima kama zamani. Vitatu vilianzia shuleni. Katika hivyo vitatu, viwili binti alirudi darasani kabla ya kengele ya kutoka, kimoja alichukuliwa na mama yake. Daktari alisema hayo ni maendeleo ya kweli, na kwamba kama vingezidi kimoja kwa wiki bila kushuka, ndipo wangezungumzia dawa za kumeza kila siku za kuzuia.

Ugonjwa haujaondoka, na mama hategemei uondoke kesho. Bibi alipoulizwa chake kiliisha lini, alijibu kwamba kilimchoka chenyewe alipofika utu uzima, akajifunga khanga upya kiunoni na kuendelea kuchambua mchicha.

Muhula ulipokwisha, daftari la Hesabu lilirudi nyumbani. Kwenye ukurasa wa jaribio la mwisho kulikuwa na mwandiko wa kalamu nyekundu, pembeni, mdogo kuliko ule wa mwanzo:

“Saa 4:05 katoa kadi. Kanywa dawa, kalala stoo dakika 40. Karudi. Kamalizia maswali sita, kapata matano. Mzazi, wiki ijayo tunaanza na uji, halafu jaribio.”